Je, majira hutokea kwa sababu Dunia hulikaribia Jua? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kuna jibu ambalo kila anayesahihisha mitihani ya jiografia amekutana nalo: "Majira ya joto hutokea Dunia inapokuwa karibu na Jua, na majira ya baridi hutokea inapokuwa mbali." Limeandikwa kwa mwandiko mzuri, lina mantiki, na si sahihi; chanzo cha majira ni kuinama kwa mhimili wa Dunia. Maswali yaliyo hapa chini ni yale ambayo wanafunzi, wazazi na walimu wenzangu huuliza jibu hilo linapowekewa mkasi.

Kosa liko wapi hasa? Mbona ukikisogelea chanzo cha joto unaungua zaidi?

Kanuni hiyo ni ya kweli, na ndiyo maana jibu linavutia. Kosa lake ni kwamba halilingani na kalenda. Dunia hulikaribia Jua zaidi kati ya tarehe 2 na 5 Januari kila mwaka, na hufika mbali zaidi nalo kati ya tarehe 3 na 6 Julai. Sasa fikiria miji miwili siku moja ya Januari: London watu wamejifunika makoti na Jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, huku Johannesburg watoto wakiogelea. Umbali kutoka kwenye Jua ni uleule kwa wote wawili. Kama umbali ndio ungeleta majira, Dunia nzima ingepata joto kwa pamoja na baridi kwa pamoja.

Lipo na jambo lingine ambalo watu wengi huliona geni. Ukichukua wastani wa joto la uso wa Dunia nzima, Julai huipita Januari kwa karibu digrii 4. Yaani Dunia huwa na joto zaidi mwezi uleule ambao iko mbali zaidi na Jua. Sababu ni kwamba nchi kavu nyingi ziko upande wa kaskazini, na nchi kavu hupata moto upesi kuliko bahari.

Lakini njia ya Dunia ni duaradufu. Hata kitabuni imechorwa kama yai.

Ni duaradufu kweli, ila mchoro wa kitabuni umetiwa chumvi. Mara nyingi mchoraji huonyesha njia hiyo kana kwamba mtu anaitazama kwa ubavu, na chochote cha mviringo ukikitazama kwa ubavu huonekana kimebanwa. Mwanafunzi anaona Dunia imeligusa Jua kabisa upande mmoja na kulikimbia upande mwingine, na hapo kosa linaota mizizi kabla mwalimu hajafungua mdomo.

Chukua bikari na uchore duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 10. Hiyo ndiyo njia ya Dunia. Tofauti kati ya duara hilo na duaradufu halisi ni takriban sehemu moja ya mia ya milimita, kwa hiyo imemezwa na unene wa mstari wa penseli yako. Kinachoonekana ni mahali pa Jua tu: liweke milimita 1.7 pembeni mwa tundu la bikari. Umemaliza, na mchoro wako ni wa kweli kuliko ule wa kitabu.

Kwa kilomita, umbali mdogo kabisa ni kama milioni 147.1 na mkubwa kabisa ni kama milioni 152.1. Kilomita milioni 5 ni nyingi masikioni, lakini ni kama asilimia 3 tu ya umbali wote. Mwanga tunaoupokea hubadilika kwa takriban asilimia 7 kati ya Januari na Julai. Ikumbuke hiyo asilimia 7, maana tutailinganisha na kitu kingine baadaye.

Mbona huku kwetu jibu hilo linaonekana kuwa kweli? Njombe na Mbeya baridi kali ni Juni na Julai.

Hili ndilo swali zuri kuliko yote, na vitabu vilivyoandikwa Ulaya havina haja ya kulijibu. Mtoto wa Uingereza ukimwambia Dunia iko karibu na Jua mwezi Januari, anashtuka mara moja, kwa sababu nje kuna barafu. Mtoto wa Njombe hashtuki. Julai, Dunia ikiwa mbali, kwao kuna baridi na asubuhi nyingine majani yanakutwa na jalidi. Januari, Dunia ikiwa karibu, baridi ile haipo. Kalenda na jibu potofu vinakubaliana.

Kukubaliana huko ni sadfa. Tanzania yote iko kusini mwa ikweta, na kwa zama hizi Dunia hulikaribia Jua wiki mbili tu baada ya tarehe 21 Desemba, siku ambayo upande wa kusini umeliinamia Jua kikamilifu. Mambo mawili yanatokea kwa wakati mmoja, basi mtu anamsingizia asiyehusika.

Ukitaka kuwatenganisha, vuka ikweta. Wengi wetu tuna ndugu Maskati. Mpigie simu mwezi Juni umuulize hali ya hewa. Atakwambia joto la mchana linapita digrii 40 na hakuna anayetembea nje kwa hiari yake. Mpigie tena Januari, atakwambia hali ni nzuri na jioni watu wanatafuta shali. Njombe na Maskati wako kwenye sayari moja, umbali mmoja kutoka kwenye Jua, na majira yao yamepishana.

Basi mhimili unafanyaje kazi hiyo?

Dunia inazunguka kwenye mhimili ambao haukusimama wima. Umeinama nyuzi 23.4, ambazo shuleni huandikwa 23.5 au 23½. Kwa sababu hiyo, Juni upande wa kaskazini unakuwa umeliinamia Jua, na Desemba ni zamu ya upande wa kusini. Mwinamo huo unaleta mabadiliko mawili: kimo cha Jua angani saa za adhuhuri, na urefu wa mchana.

Tubaki Maskati, ambayo iko nyuzi 23.6 kaskazini, karibu kabisa na Tropiki ya Kansa. Tarehe 21 Juni adhuhuri, Jua liko utosini; mtu akisimama wima hana kivuli cha maana. Tarehe 21 Desemba adhuhuri, Jua linapanda hadi nyuzi 43 tu juu ya upeo wa macho. Mwanga uliokuwa ukitua kwenye mita moja ya ardhi sasa unalala kimshazari na kutandazwa kwenye karibu mita moja na nusu. Joto ni lilelile, eneo la kugawana ni kubwa zaidi.

Halafu ongeza muda. Juni, mchana wa Maskati ni kama saa 13 na nusu. Desemba ni kama saa 10 na dakika 40. Karibu saa tatu nzima za kuota Jua zimeondoka.

Ukipiga hesabu ya siku nzima kwa yote mawili, nguvu ya Jua inayofika juu ya anga la Maskati tarehe 21 Juni inazidi ile ya tarehe 21 Desemba kwa takriban asilimia 70. Na hesabu hiyo tayari imeshapunguza hasara ya Dunia kuwa mbali mwezi Juni. Hapa ndipo ile asilimia 7 inapopata mizani yake: umbali unavutia upande wa pili kwa nguvu zake zote, na unashindwa vibaya.

Kadiri unavyokwenda mbali na ikweta ndivyo pengo linavyopanuka. Kwa London, ambako Jua la adhuhuri ya Desemba hupanda nyuzi 15 tu, siku ya katikati ya Juni hupokea nguvu ya Jua zaidi ya mara sita ya siku ya katikati ya Desemba.

Kwa hiyo upande ulioinamia Jua una joto kwa sababu umesogea karibu nalo?

Hapana, na hapa pana mtego. Hili ni kosa lilelile limevaa nguo mpya. Mwanafunzi amesikia neno "mhimili", akalishika, kisha akaliunganisha na imani yake ya zamani: kuinama ni kusogea, kusogea ni kukaribia, kukaribia ni kuungua. Anaandika "mhimili" kwenye karatasi na anapewa alama zote, ilhali kichwani bado ni umbali.

Pima mwenyewe. Kipenyo cha Dunia nzima ni kilomita 12,742 hivi. Hata ukiweka mji mmoja upande wa mbele kabisa na mwingine upande wa nyuma kabisa, tofauti ya umbali wao kutoka kwenye Jua haiwezi kuzidi hapo, na hiyo ni chini ya sehemu moja ya elfu kumi ya safari ya kilomita milioni 150. Kama kilomita milioni 5 za Januari na Julai hazikuweza kuleta majira, hizi elfu chache zitaweza wapi?

Ndiyo maana mimi, nikiwa ninasahihisha, sitosheki na neno "mhimili" peke yake. Nataka kuona neno "pembe" au "kimo cha Jua", na nataka kuona "urefu wa mchana".

Je, mhimili huyumba, mara unaelekea kwenye Jua mara unarudi nyuma?

Kwa mwaka mzima mhimili unaelekea upande uleule wa anga. Ncha yake ya kaskazini inaelekea karibu na Nyota ya Kaskazini, Juni na Desemba vilevile. Kinachobadilika ni mahali Dunia ilipo katika safari yake. Chukua chungwa, lichome kijiti, ukiinamishe kijiti kielekee dirishani, kisha uzunguke taa iliyo katikati ya chumba bila kuacha kuelekeza kijiti dirishani. Upande mmoja wa chumba ncha ya juu itakuwa imeilalia taa. Ukifika upande wa pili itakuwa imeipa taa kisogo. Mkono wako haujageuza chochote.

Walimu wengi wakifanya onyesho hili husahau dirisha, na kijiti kinageuka pamoja na mwili. Hapo ncha ya juu inabaki imeilalia taa mwaka mzima, na darasa linaona Dunia isiyo na majira.

Pepo za kusi na kaskazi zinahusiana na haya?

Zinahusiana moja kwa moja, na kwa maoni yangu ndiyo ushahidi mzuri kuliko wote kwa watu wa pwani.

Desemba hadi Februari, bara la Asia limepoa kwa sababu upande wa kaskazini umelipa Jua kisogo. Hewa nzito ya baridi inasukumwa kutoka huko kuja kusini, nayo ndiyo kaskazi iliyoleta majahazi kutoka Maskati na Sur hadi Lamu, Mombasa na Unguja. Ifikapo katikati ya mwaka, Asia imewaka moto, hewa juu yake inapanda, na upepo unavutwa kutoka Bahari ya Hindi ya kusini kwenda kaskazini. Hiyo ni kusi, na majahazi yaliitumia kurudi kwao.

Upepo unageuka kwa sababu pande mbili za Dunia zinabadilishana joto. Kama umbali ndio ungeleta majira, kaskazini na kusini zingepata joto pamoja na kupoa pamoja, na upepo usingekuwa na sababu ya kugeuka. Nahodha angefika Unguja na asingepata upepo wa kumrudisha nyumbani.

Sisi tulio karibu na ikweta tuna masika na vuli, hatuna majira manne. Mhimili unatuhusu nini?

Unawahusu kwa njia ya mvua. Ukanda wa mvua za kitropiki hulifuata Jua, kwa kuchelewa wiki kadhaa. Julai uko kaskazini, unanyeshea nyanda za juu za Ethiopia. Januari umeshuka kusini, unanyeshea kusini mwa Tanzania, Malawi na Zambia. Katika kwenda na kurudi unapita juu ya maeneo ya ikweta mara mbili, na ndiyo sababu Nairobi, Tanga na Dar es Salaam hupata masika kati ya Machi na Mei na vuli kati ya Oktoba na Desemba. Songea na Mbeya ziko karibu na mwisho wa safari ya ukanda huo, kwa hiyo hupata msimu mmoja mrefu wa mvua.

Joto lenyewe halibadiliki sana, kwa kuwa Jua la adhuhuri kwenye ikweta halishuki chini ya nyuzi 66 mwaka mzima, na mchana hauachi kuwa wa saa 12 hivi. Baridi ya Nairobi ya Julai, ambayo huulizwa kila mara, inatokana kwa sehemu kubwa na mawingu mazito na upepo wa kusini-mashariki, pamoja na mwinuko wa mji wenyewe.

Nawezaje kuthibitisha mwenyewe bila vifaa?

Simika fimbo ya mita moja mahali tambarare, ihakiki kwa timazi iwe wima, na uweke alama kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika chache wakati wa adhuhuri. Kivuli kifupi kuliko vyote ndicho unachokitaka. Usiamini saa ya ukutani, kwa maana Jua la Dar es Salaam hufika kileleni kama saa sita na dakika ishirini na kitu.

Kwa Dar es Salaam, tarehe 21 Juni utapata kivuli cha sentimita 58 hivi kinachoelekea kusini, kwa sababu Jua limehamia kaskazini. Tarehe 21 Desemba utapata sentimita 30 hivi, na safari hii kivuli kitaelekea kaskazini. Katikati ya tarehe hizo kuna siku mbili ambazo fimbo haitakuwa na kivuli kabisa adhuhuri: mwanzoni mwa Machi, na karibu na tarehe 10 Oktoba. Ukikosea kwa sentimita mbili tatu, mara nyingi fimbo ilikuwa imelala kidogo au ardhi ina mteremko.

Dunia kusogea na kurudi nyuma hakuwezi kurefusha kivuli wala kukigeuza upande. Kivuli kinabadilika kwa sababu kimo cha Jua kimebadilika, na hilo ni mhimili.

Je, umbali hauna athari yoyote kabisa?

Unayo, na mwalimu mwaminifu hapaswi kuificha. Kwenye ikweta, Jua la tarehe 21 Juni na la tarehe 21 Desemba hufika kimo kilekile adhuhuri, kwa hiyo tofauti ndogo ya nguvu ya Jua kati ya siku hizo mbili inatokana na umbali.

Umbali unagusa pia urefu wa majira. Dunia ikiwa karibu na Jua hukimbia zaidi. Fungua kalenda uhesabu: kutoka siku ya Machi ambayo usiku na mchana vinalingana hadi ile ya Septemba ni siku 186, na kutoka Septemba kurudi Machi ni 179 hivi. Nusu ya mwaka yenye joto ya upande wa kusini ni fupi kwa wiki moja.

Kwa muda wa maelfu ya miaka, tarehe ya kulikaribia Jua huhama polepole. Miaka kama 10,000 iliyopita iliangukia majira ya joto ya kaskazini, Jua la kiangazi likawa kali zaidi huko, pepo za mvua zikaingia ndani zaidi, na Sahara ikawa na maziwa na mbuga. Na kwenye sayari ya Mirihi, ambayo njia yake ni ya duaradufu iliyo wazi zaidi, umbali ni mshiriki mkubwa wa majira pamoja na mwinamo. Kwa hiyo hoja ya umbali haikuwa ya kijinga. Kwa Dunia yetu tu, ni dhaifu mno.

Ni watoto tu wanaokosea?

Hata kidogo. Mwaka 1987, siku ya mahafali ya Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, wahitimu, wahadhiri na waliowahi kusoma pale waliulizwa mbele ya kamera kuhusu chanzo cha majira au cha kubadilika kwa sura ya Mwezi. Kati ya watu 23, 21 walikosea, na maelezo ya umbali yalitolewa kwa kujiamini kabisa.

Nikimkuta mwanafunzi ameandika jibu la umbali, nimsahihishe vipi?

Usimkate na kumwandikia "mhimili" pembeni, maana atalikariri neno na kubaki na imani yake. Muulize kwanza: Januari ikiwa Johannesburg kuna joto, London kuna nini? Akishajibu baridi, mwache atafute mwenyewe jinsi umbali mmoja ulivyoleta majira mawili. Atakwama, na akikwama ndipo mhimili unapata mahali pa kukaa.

Jibu la mtihani linaloridhisha halihitaji kuwa refu. Hili nalipa alama zote: "Mhimili wa Dunia umeinama nyuzi 23½ na huelekea upande uleule wa anga wakati Dunia inapolizunguka Jua. Kwa hiyo kwa miezi fulani nusu moja ya Dunia huwa imeliinamia Jua: Jua huonekana juu zaidi angani, miale hutua karibu wima kwenye eneo dogo, na mchana huwa mrefu, hivyo huwa na joto. Wakati huohuo nusu ya pili hupata miale ya kimshazari na mchana mfupi, hivyo huwa na baridi. Miezi sita baadaye hubadilishana." Mwanafunzi akiongeza kwamba Dunia iko karibu zaidi na Jua mwezi Januari, usimkate alama, mradi hakusema kuwa ndiyo sababu.